Kurasa Tatu za Dufie

Umeme ulikatika mtaa wote wa Adum tangu asubuhi, na kati ya maduka ya uchapishaji yaliyo karibu na mahakama, jenereta lilikuwa linanguruma katika moja tu. Ndiyo maana Dufie alilazimika kuchapishia hapohapo, mbele ya macho ya mtu aliyekuwa akishindana naye mahakamani.

Duka hilo walilianzisha yeye na marehemu mumewe, Boakye. Mume alikata riboni siku ya ufunguzi. Mke ndiye aliyebeba mashine kichwani kutoka stendi. Boakye alipozikwa, ukoo ulikaa kikao, na Opoku, ndugu wa marehemu na shemeji wa Dufie, akakabidhiwa funguo. Dufie akaambiwa, kwa huruma iliyomchoma kuliko tusi, kwamba anaweza kuendelea kushughulika na mashine, kwa kuwa anaijua. Miaka miwili sasa alikuwa kibarua katika jasho lake mwenyewe. Jumatatu asubuhi mahakama ingempa Opoku hati ya kusimamia mali yote ya marehemu, nyumba ikiwemo. Lililobaki ni pingamizi la Dufie, kurasa tatu, na lilipaswa kufika masijala kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa hii.

Ntiamoah, karani wa wakili wake, aliingia saa tisa kasoro dakika chache, shati limemganda mgongoni.

"Maame Dufie, ofisini kwetu giza. Nimekuja na flashi."

"Lete haraka. Ukishachapa unisomee, nitie dole gumba, tukimbie."

Kazi ikatumwa. Dufie akasimama kando ya printa akibadilisha mguu wa kulia na wa kushoto kama mtu aliyekanyaga siafu. Vilivyokuwa vikitoka ni vijitabu vya mazishi ya kesho Jumamosi: sura ya mzee mwenye kofia, tena sura ya mzee mwenye kofia. Akangoja. Dakika kumi. Mzee mwenye kofia.

"Opoku katuma vijitabu vingapi?" akauliza.

"Mia tatu," akajibu Maame Agyeiwaa, binti wa mzee huyo, aliyekaa kwenye benchi na nguo zake nyeusi na nyekundu. "Vyote kwa mkupuo. Kasema ndiyo kisasa."

Dufie akasonya. Tangu enzi za Boakye, yeye vijitabu huvituma ishirini ishirini, ili mwenye haraka apate mwanya wa kupenya katikati. Opoku aliziita hizo hesabu za muuza nyanya. Sasa kazi ya mia tatu, kila kijitabu kurasa kumi na mbili, ilikuwa imelala mlangoni kama ng'ombe.

Akaenda kwenye kompyuta. Kusoma hakujua, ila tarakimu alizijua, na foleni aliijua kama mtu anavyowajua watoto wa jirani: huyu mrefu, huyu mfupi. Mstari wa juu, ulioandikiwa kwamba unachapwa, ni vijitabu. Chini yake, ratiba za kanisa. Chini yake, mitihani ya shule, kurasa arobaini. Mwisho kabisa, kurasa tatu. Na kando ya kurasa tatu kulikuwa na neno ambalo mistari mingine haikuwa nalo. Neno hilo alilijua kwa umbo lake. Yeye mwenyewe huliweka mteja anapoondoka bila kulipa.

Kazi yake ilikuwa imesimamishwa.

Opoku alikuwa nje kizingitini, simu sikioni, anacheka.

"Shemeji!" Dufie akaita. "Nani kasimamisha kazi ya karani?"

Opoku akageuka polepole. "Ah, mke wangu, haraka ya nini? Wafiwa kwanza. Au hata maiti utamwonea wivu?"

"Kazi iliyo mwisho ingekuja yenyewe kwa zamu yake. Kuisimamisha kwa nini?"

"Kompyuta ni yangu."

Akarudi kwenye simu yake. Alijua saa kama alivyozijua Dufie. Hakuwa na haja ya kufuta chochote wala kugombana. Alihitaji tu kungoja.

Ntiamoah akanong'ona, "Iruhusu, kisha ipandishe juu."

Dufie tayari alikuwa amekwisha kubofya. Neno likatoweka. Akafungua kidirisha cha kazi ile, akashika kile kitufe cha kipaumbele kilichoketi kwenye moja, akakiburuta hadi mwisho wa kulia, tisini na tisa. Ratiba na mitihani akazisimamisha pia, asije mtu akazitanguliza. Sasa kurasa tatu zilikuwa za kwanza kati ya zinazongoja.

"Basi tayari," karani akapumua.

"Tayari nini, mwanangu? Kipaumbele kinampita anayengoja. Aliyekwisha kuingia ndani hakimtoi."

Mzee mwenye kofia akatoka tena. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika kumi na nane. Dufie akazishika seti zilizokwisha kutoka, akazipitisha kidole gumba upesi, midomo ikicheza. Mia moja thelathini na saba. Zilizobaki zingekula zaidi ya saa nzima. Kuisimamisha kazi iliyo katikati kulikuwa kamari kwenye mashine ile: mara nyingine inatii, mara nyingine inaganda na foleni yote nyuma yake. Njia ya hakika ilikuwa kuifuta.

Akaenda mbele ya benchi.

"Maame Agyeiwaa, nataka kukukatiza. Vijitabu mia moja thelathini na saba viko sawa. Nikifuta sasa, nitatuma upya mia moja sitini na tatu, na leo hii utaondoka navyo vyote. Lakini kurasa zangu tatu zitangulie. Ukikataa, nitakaa."

Agyeiwaa akamtazama, kisha akatazama mlangoni, kwenye kicheko cha Opoku.

"Baba yangu alikufa Machi," akasema. "Ametuvumilia miezi mitatu kwenye jokofu. Dakika tano zitamuua?"

Dufie akafuta. Mashine haikukoma papo hapo. Kurasa zilizokuwa zimeingia kichwani mwake ziliendelea kutoka, moja, mbili, nne, naye akazipokea kama mtu anayepokea matusi. Kisha kimya. Kimya hicho kikamtoa Opoku kizingitini.

"Umefanya nini?"

"Kazi yangu."

"Nimesema wafiwa kwanza! Toka kwenye kiti!"

"Mfiwa ni mimi, bwana, na nimekubali," Agyeiwaa akasema bila kunyanyuka. "Paza sauti tena, watu wangu kesho wote watajua mahali pa kutochapisha."

Ukurasa wa kwanza ukatoka. Wa pili. Opoku akanyoosha mkono. Ntiamoah akawa amewahi wa tatu.

Dufie hakukimbia bado. Alituma nakala mia moja sitini na tatu, safari hii kwa mafungu ya ishirini na la mwisho la tatu, akaona la kwanza linaanza, ndipo akachukua kitambaa chake cha kichwa.

"Jumatatu usije," Opoku akasema.

Njiani karani alimsomea kwa Kitwi, lugha yake, huku wakitembea nusu mbio, na akamsomea tena mbele ya kamishna wa viapo, ambaye alitaka kusikia mwenyewe. Dole likatiwa. Saa kumi kasoro dakika sita muhuri ukagonga.

"Hati ya shemeji yako haitatoka Jumatatu," mwanamke wa masijala akasema. "Inashikiliwa hapa mpaka jaji awasikilize nyote wawili."

"Imefutwa?"

"Haijafutwa. Imeshikiliwa."

Dufie akaitikia kwa kichwa; tofauti hiyo hakuhitaji kuelezwa. Nje alikaa kwenye ngazi, akasimama, akakaa tena. Kibarua hana. Nyumba bado anayo, angalau kwa muda. Akamwomba Ntiamoah nakala yake yenye muhuri, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena, kisha akaondoka kwenda kutazama kama mafungu ya Agyeiwaa yametimia.