Kamba Yangu na Swali la Tisa

Mimi shule niliishia darasa la tatu, na sitaki mtu anionee huruma. Shamba langu la hapa Machame nilinunua mwenyewe, kwa maziwa niliyobeba kichwani hadi sokoni Kwa Sadala. Kwa hiyo nilipoamua kuwagawia wanangu wawili, sikuita mpimaji. Nilichukua kamba ya ng'ombe.

Mwanangu wa kiume nilimpa juu, karibu na barabara: kamba moja kila upande. Binti yangu, aliyerudi nyumbani na mtoto wake, nilimpa chini yake, kando ya mfereji: urefu kamba moja na nusu, upana nusu kamba. Kila kipande ukikizunguka, kamba nne. Binti akanung'unika kwamba chake ni chembamba.

"Chembamba lakini kirefu," nikamwambia. "Kamba haina mtoto inayempenda zaidi."

Ilibaki siku moja majirani waje kushuhudia tukipanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka. Mchana mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti, akarudi kutoka shule na daftari la hisabati. Yuko darasa la sita.

"Shikamoo bibi. Mwalimu kasema mzazi asaini, na mama yuko sokoni."

"Marahaba. Umefeli?"

"Si mimi peke yangu. Mwalimu amesahihisha jaribio, akaandika ubaoni makosa ya darasa zima, tukanakili. Hakutaja mtu."

"Haya, soma."

Akasoma. Wengi wamejumlisha kabla ya kuzidisha, wakumbuke MAGAZIJUTO. Wengi hawakupanga nukta za desimali zifuatane. Wengine wameandika eneo kwa mita badala ya mita za mraba. Mimi nilikuwa namenya ndizi, sikio moja tu liko kwake.

"Swali la tisa. Wengi mmeandika kwamba mistatili miwili yenye mzingo sawa lazima iwe na eneo sawa. Si kweli. Mzingo ni urefu wa kuzunguka, eneo ni nafasi iliyo ndani. Mita kumi kwa kumi: mzingo mita arobaini, eneo mita za mraba mia moja. Kumi na nane kwa mbili: mzingo uleule arobaini, eneo thelathini na sita tu. Rudieni swali hili nyumbani."

Kisu kikasimama.

"Huyo mwalimu analima?"

"Anafundisha, bibi."

"Na wewe uliandika nini?"

"Niliandika ni sawa. Kama ulivyogawa shamba."

Nikainuka. Nikampelekea ng'ombe majani wakati hata ya asubuhi alikuwa hajayamaliza. Nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mwisho nikachukua uzi wa katani, nikafunga ncha, nikautandaza kwenye mkeka uwe mraba, nikajaza maharage ndani, punje kwa punje zimebanana. Kisha nikausukuma uwe mwembamba. Uzi uleule. Maharage yakakosa pa kukaa, yakamwagika nje.

Nikamwita mwanangu, nikamwonyesha. Akatazama mkeka, akanitazama mimi.

"Mama, ya shule yabaki shule. Vigingi vya mpaka viko tayari."

"Vigingi niliviweka mimi."

"Na kesho utawaambia nini watu? Kwamba umekosea? Wewe?"

Hapo alinigusa penyewe. Maisha yangu yote hapa watu wananijua kwa kutokosea hesabu. Usiku huo nilijigeuza kitandani kama chapati.

Asubuhi, kabla ya majirani, nikawapeleka wote shambani. Mjukuu akapiga hesabu kwa kijiti chini: cha juu kamba moja kwa moja, ni moja nzima; cha chini moja na nusu kwa nusu, ni robo tatu tu. Kimepungua robo. Anayezidi atoe nusu ya hiyo robo.

"Kunja kamba nusu kwa nusu mara tatu, bibi, upate sehemu ya nane. Mpaka upande juu kwa kipande hicho, upana wote wa shamba la mjomba."

"Kwa hiyo tunagawiwa na mtoto wa darasa la sita?" mwanangu akasema. "Tena swali lenyewe alikosa!"

"Alikosa, ndiyo. Na mimi nilikosa. Shika kamba."

Binti yangu akaanza kuchekacheka. Nikamwambia anyamaze, migomba haipaliliwi kwa meno. Mwanangu akatia mikono mfukoni. Halafu akaona dada yake anavuta kamba imelegea, akashindwa kuvumilia, akaishika mwenyewe.

"Vuta vizuri! Isije ikala upande wangu."

Majirani walipofika, niliwaambia mwenyewe kabla hawajauliza kwa nini vigingi vimehama: kamba ilipima kuzunguka, haikupima ndani. Mmoja alicheka, akaacha alipoona mimi sicheki. Tukapanda masale.

Jioni mjukuu akaleta daftari. Nikamwambia aandike kwanza, chini ya swali la tisa, kwamba tumerudia. Ndipo nikasaini.