Mkono Mmoja Umekwisha

Mtunza maabara wa shule ya wasichana alinunua krimu ya kuondoa nywele siku ya Jumatatu, na harusi ya binti wa mdogo wake ilikuwa Jumamosi. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Tangu utotoni mdogo wake alimwita Manyoya, kwa utani tu, lakini utani huo ulimvika nguo za mikono mirefu miaka ishirini na ushee, jua kali, mvua. Sasa gauni la sare ya harusi lilikuwa limeletwa, la mikono mifupi.

Jaribio la kwanza aliliharibu mwenyewe. Kwa mazoea ya kazini alipangusa mkono kwa spiriti, ndipo akapaka krimu kidogo. Ngozi ikawaka moto. Akaosha upesi, akarudi dukani na doa jekundu.

"Spiriti?" muuza dawa alishangaa. "Dada, huo ni mkono au meza ya maabara? Ngozi iwe safi na kavu, basi. Hilo doa liache lipoe kabisa. Jaribu mkono mwingine, pahali padogo, usubiri saa ishirini na nne. Ukiwasha tena, tupa."

Jumatano alijaribu. Alhamisi ngozi ilikuwa shwari, na doa la kwanza limefutika. Hakuwa na wa kumwonyesha.

Ijumaa alasiri akajifungia chumbani, akapaka mkono wa kushoto tabaka nene bila kusugua, akatazama saa ya ukutani. Maelezo ya pakiti yalisema dakika ya tano ajaribu kipande. Zisizidi kumi.

Dakika ya nne simu ikaita. Mdogo wake, ambaye kwa miezi hutuma ujumbe tu.

"Dada, nimejificha chooni. Nyumba imejaa watu, sina hata mmoja wa kuongea naye."

"Niko hapa, mdogo wangu."

Dakika ya tano akakwangua kipande kidogo kwa kijiko cha plastiki, nywele ziling'ang'ania. Akasubiri, simu sikioni. Dakika ya nane mdogo wake akaanza kulia.

"Mwanangu anaondoka, Dada. Nitabaki na nani?"

Mkono ulianza kuchonyota. Spika ya simu ilikufa zamani, asingeweza kuosha huku ameishika, na bomba liko uani.

"Nipe dakika mbili tu, nakupigia."

"Hata wewe?" Simu ikakatwa.

Alikwangua, akasuuza uani kwa maji ya bomba, vuguvugu kwa jua, bila sabuni, bila dodoki. Mkono ukatoka laini kama yai. Akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena.

Akakaa kitandani, mkono mmoja umekwisha, mwingine bado. Krimu ilikuwepo, muda ulikuwepo. Lakini akiupaka huu wa pili, simu ikiita, atasema tena "nipe dakika mbili".

Akafunga kifuniko. Simu akaiweka mapajani, akasubiri bila kutazama saa.