Ini la Mlevi

Nilipopanda kwenye mizani ya daktari mjini Meru, nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu Ruiri na mwanamke mnene kuliko wote katika kwaya nzima. Daktari alitazama picha ya tumbo langu.

"Mama, ini yako imejaa mafuta. Unakunywa pombe?"

"Sijawahi kuonja."

"Basi ni uzito. Punguza soda, maandazi, chapati. Jaza mboga nusu ya sahani. Na utembee, karibu kila siku, nusu saa hivi. Ukipungua polepole, mafuta kwa ini pia yatapungua."

Kosa langu ni kwamba nilimweleza katibu wangu, mama niliyemwamini, kwa nini nimeacha chai ya sukari kwenye mikutano. Kwetu ini lina maana moja tu. Kufikia Jumapili, kila mtu alijua mwenyekiti ni mlevi wa siri.

Wanakamati wenzangu waliniita kwenye ofisi ya kanisa. Mama mmoja aliniinamia na kunusa mdomo wangu, mbele ya wenzake wanane. "Ini ni ya walevi," akasema. "Hata bwana yangu ilimuua." Waliniondolea cheo kabla ya chai kuletwa. Wajinga wakubwa, na mimi ndiye niliyewafundisha kuendesha mkutano.

Mume wangu hakunitetea. Nilimkuta jikoni amepekua debe la mahindi akitafuta chupa. Nilimwonyesha karatasi ya daktari, akasema daktari huandika anachoambiwa na mgonjwa.

Hasira ilinisaidia kutembea. Kila asubuhi nilipanda kilima kinachoelekea shuleni na kurudi, nikihema, vijana wa bodaboda wakinipigia honi. "Mathe, unakimbilia kilabu gani cha pombe?" Nikila, nilijaza sukuma wiki na maharagwe, wali nikipakua kidogo tu. Mara mbili nilishindwa na nikamaliza chapati nne nimesimama. Kesho yake nilipanda kilima tena.

Baada ya miezi sita magauni yangu yalinining'inia. Picha mpya ilionyesha mafuta ya ini yamepungua sana, na damu yangu ilikuwa sawa. Daktari alicheka, nami nikalia. Nilimpa mume wangu karatasi hiyo nikiwa na hakika kwamba jina langu limesafishwa.

Jumapili aliomba nafasi ya ushuhuda. Akasimama na karatasi yangu mkononi.

"Bwana asifiwe! Mke wangu ameacha pombe. Miezi sita hajagusa, na ini yake imepona. Hospitali wameandika!"

Kanisa lililipuka kwa makofi. Yule mama wa kunusa alinikumbatia akilia. Papo hapo walinirudishia uenyekiti, kwa huruma, wakanipa kipaza sauti. Niliwachukia wote, mume wangu kwanza. Kisha nikawashukuru kwa kuniombea niache kunywa.