Kidonge cha Asubuhi na Mfungo wa Hudade

Alemtsehay alikuwa mfasiri wa karatasi za dawa, zile zinazokunjwa mara nyingi ndani ya boksi na ambazo watu wengi huzitupa. Alikuwa mbishi, mwanamke huyo, na sisi wenzake pale Addis Ababa tulizoea kumkimbia akishika neno. Mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Mwaka ule kampuni ya ng'ambo ilituletea upya karatasi ya vidonge vya kisukari. Kiingereza chake kilisema: meza kidonge kimoja asubuhi, pamoja na kifungua kinywa. Alemtsehay akaandika kwa Kiamhara: meza kidonge kimoja kwa siku, pamoja na mlo wako wa kwanza. Ukiwa umefunga, usimeze mpaka ule. Zungumza na daktari wako kabla ya kuanza mfungo.

Kazi yangu ilikuwa kurudisha. Napewa Kiamhara peke yake, nafichwa asili, nakirudisha kwa Kiingereza ili wenye mali, ile kampuni, walinganishe. Nikarudisha nilichokiona. Jibu likaja kali: mlo wa kwanza si kifungua kinywa, na mfungo haumo kwenye asili. Futeni.

Mkuu wetu, Ato Gashaw, akamwita Alemtsehay mbele yetu.

"Alemtsehay, wewe unatafsiri au unatunga?"

"Natafsiri, Ato Gashaw. Nilipokuta 'kidonge kimoja', nimeacha kimoja. Nilipokuta 'sukari ikishuka sana inaweza kuua', nimeandika kuua, sikulainisha. Kufa ni kufa popote. Ila kifungua kinywa kina wenyewe."

"Watu wote hula asubuhi, bibi."

"Na Hudade je? Wewe mwenyewe unakula saa ngapi?"

Ato Gashaw akakohoa. Kila mtu alijua kwamba kwenye mfungo ule mkubwa wa kabla ya Pasaka hatii kitu mdomoni mpaka ibada imalizike alasiri. Mimi nikainama nisicheke.

"Hata hivyo wenye mali ndio wenye neno," akasema.

"Sawa. Basi tuwaulize wasomaji, halafu wenye mali waamue. Dawa si yangu, sina ruhusa ya kubadili agizo kimyakimya. Na Hudade iko mlangoni."

Utaratibu huo upo: unampa mtu wa kawaida karatasi, anasoma, anakueleza kwa maneno yake atafanya nini. Akaja Weizero Abonesh, mjane mwenye kisukari, amejifunga netela, mtandio wake mweupe. Alemtsehay akampa maneno ya kampuni kwa Kiamhara, neno kwa neno.

"Mama, Hudade ikianza utafanyaje?"

"Nitameza asubuhi. Si imeandikwa asubuhi?"

"Na kifungua kinywa?"

"Hee, mwanangu! Kifungua kinywa kwenye Hudade? Una akili timamu wewe? Daktari anataka asubuhi, Mungu anataka nifunge. Nawatii wote wawili." Kisha akaikunja karatasi. "Marehemu mume wangu Kassahun naye alifanya hivyo mwaka jana. Karatasi yake ilisema maneno haya haya. Akameza, akaenda kusali. Huko akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Tukadhani ni pepo, tukamwagia maji ya baraka. Kumbe sukari imemshuka, alikuwa anakufa."

Ato Gashaw akachukua kalamu, akayaandika maneno yake. Nilihisi uchungu, na hasira pia.

Majibu ya Abonesh na ya wasomaji wengine yalipelekwa ng'ambo pamoja na swali moja kwa daktari wao: je, kinachotakiwa ni asubuhi au ni chakula? Daktari akajibu kwamba ni chakula. Asubuhi iliandikwa kwa sababu kwao ndipo watu wanapoanza kula. Akatia sahihi maneno ya Alemtsehay. Karatasi mpya ikachapwa kabla ya mfungo.

Alemtsehay mwenyewe akampelekea Abonesh, nami nikamsindikiza. Tulikaribishwa kahawa. Mama yule akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye mfungo, akarudia.

"Kumbe alitakiwa asubiri tu mpaka ale?"

"Ndiyo, mama. Na amwambie daktari mapema kwamba anafunga."

"Kusubiri tu." Akafuta macho kwa pindo la netela. "Ile ya mwaka jana aliiandika nani?"

Nilimtazama Alemtsehay nikitamani adanganye. Ningemsamehe.

"Niliitafsiri mimi, mama."

Abonesh akaiweka karatasi chini.

"Ulikosea wapi, mwanangu?"

"Sikukosea," Alemtsehay akasema. "Halikukosewa hata neno moja."