Majani ya Migomba kwa Nyayo za Mbwa

Mbwa mwenyewe alikuwa wa marehemu mke wangu. Hakumpa jina. Alimwita "wewe", na mimi pia aliniita "wewe", kwa hiyo pale nyumbani Nkoaranga akiita tulikuwa tunainuka wawili. Basi alipofariki, binti yangu akaja na gari akasema Baba, sukari hiyo na presha hiyo huwezi kukaa peke yako mlimani, twende kwangu Olasiti. Nikasema mbwa naye anakuja. Mkwe wangu akaguna, lakini mbwa akapanda.

Olasiti si pabaya. Nyumba ina umeme, ina bomba, wajukuu wananisalimia shikamoo babu asubuhi hata kabla sijavaa meno. Ila ni pakavu. Kule kwetu mtu anatoka kwenye kahawa anaingia kwenye migomba, anatoka kwenye migomba anaingia kwenye njia yenye majani na unyevu, jua analiona kwa vipande vipande. Mguu wa kule haujui ardhi ya moto. Mke wangu alikwenda shambani peku maisha yake yote, viatu vilikuwa vya kanisani na vya hospitali. Mbwa naye ndivyo alivyokulia.

Huyo mbwa hakukubali kuhama. Kila geti likiachwa wazi anatoka, anashika barabara ya mchepuo, uso kaelekeza mlimani. Sikumkasirikia. Hata mimi nilikuwa naweka kiti upande ule ambao mlima Meru unaonekana, binti akidhani nafuata kivuli.

Siku aliyoungua ilikuwa mchana wa kiangazi, hamna wingu. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akamkuta amelala kandokando ya lami, hasogei mbele wala nyuma, akampakia kwenye bodaboda. Kijana wa bodaboda, wa mtaa wetu, akamshusha getini akaniambia, "Mzee, mbwa wako anatembea kama bibi harusi." Kweli alikuwa anainua mguu huu, anainua ule, halafu anakaa na kujilamba. Nikadhani ni mwiba. Nikamgeuza. Ule mto mweusi wa chini ya mguu ulikuwa umevimba malengelenge, na mguu mmoja wa nyuma ngozi imebanduka inaning'inia, ndani pekundu. Lami ya moto ilikuwa imemuunguza.

Kila mtu pale akawa daktari. Mimi nikaleta samli, maana kwetu aliyeungua hupakwa samli. Binti akaleta dawa ya meno. Tukapaka vyote viwili, mbwa akanuka kama mtoto wa bweni. Mkwe naye akataka kumpa nusu ya kidonge changu cha goti. Hapo binti akashtuka akasema tumpeleke kwanza kwenye duka la dawa za mifugo, kuna daktari pale.

Daktari alikuwa dada mdogo, amefunga kanga juu ya koti lake jeupe. Akamnusa mbwa kabla hajamshika.

"Shikamoo babu. Mmempaka nini huyu?"

"Marahaba. Samli. Na hicho kingine ni cha huyu binti yangu."

"Colgate," binti akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ilibaki kumtia chumvi tu mumle," akasema yule daktari, akamkalisha mbwa kwenye beseni akafungua bomba. Akaacha maji ya kawaida yatiririke juu ya nyayo muda mrefu, mpaka nikahisi bili ya maji ni yangu. Nikamuuliza kwa nini asiweke barafu tumalize. Akasema barafu inaiumiza upya ngozi iliyoungua, na samli inafungia joto ndani na kukaribisha uchafu. Akasema tungemmwagia maji hayohayo pale pale getini. Malengelenge hakuyatoboa. Ile ngozi iliyoning'inia akaikata yeye mwenyewe kwa mkasi uliochemshwa, akampiga sindano ya maumivu ya mbwa, akaonya kidonge changu cha goti kingemtoboa tumbo. Akampaka krimu nyeupe ya kuungua.

Shida ikawa bandeji. Ile shashi aliyokuwa nayo ilinata kwenye kidonda, kesho yake kuitoa ilikuwa kilio, na kila ikitoka inaondoka na ngozi changa. Daktari akasema kama miguu haishiki ngozi, kidonda kitaoza, na mbwa wa aina hiyo hana maisha marefu. Alimtazama binti alipolisema hilo, hakunitazama mimi. Nikajua anazungumzia sindano ya mwisho.

Halafu akakumbuka. "Babu, kwenu si kuna migomba? Chuoni walitufundisha, jani changa la mgomba linachemshwa, linapozwa, linawekwa juu ya kidonda. Halinati."

Binti akasema, "Yapo hapa mjini, soko la Kilombero, ntapitia."

Nikasema hapana. Majani ya sokoni yamefungia samaki, yamekaliwa na watu. Nitayaleta mwenyewe kutoka kwetu.

Hivyo nikaanza kwenda Nkoaranga. Natoka alfajiri, nafika kabla umande haujakauka, shemeji yangu anayelinda shamba ananipa kibakuli cha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, halafu naingia kwenye migomba aliyoipanda dada yake, marehemu mke wangu. Nakata jani lililojikunja bado, lile laini kama kitambaa cha mtoto. Ningeweza kukata ya wiki nzima nikaondoka. Nilikata ya siku mbili. Nyumba imefungwa, sikuifungua, nilikaa tu kwenye ngazi nikasikiliza maji ya mfereji. Shemeji aliniambia, "Shemeji, majani hayo unayakata au unayaposa?" Nikamwambia nyamaza.

Nyumbani Olasiti tunachemsha jani, tunatoa ule uti wa kati, tunalikata saizi ya mguu. Krimu, jani, shashi, bandeji isiyobana, soksi ya mjukuu juu. Shingoni tulimvisha ndoo ndogo iliyokatwa tako asijilambe, akawa anagonga kila mlango. Jani likitolewa linatoka lenyewe, mbwa hata haguni. Ngozi ikaanza kuota pembeni, ya waridi, kisha ikawa ya kijivu, kisha ngumu.

Daktari akanifundisha na la kujikinga. Weka mgongo wa mkono juu ya lami, hesabu polepole mpaka saba. Mkono ukishindwa, mbwa asipite. Mpitishe alfajiri au jua likishazama, au pembeni kwenye nyasi. Mimi kuhesabu sipendi, nikawa nasali Baba Yetu taratibu, na kama sifiki "ufalme wako uje" tunarudi ndani. Majirani wakawa wanasema mzee wa Kilutheri anaiombea barabara.

Lakini geti ni geti, nyumba ya wajukuu. Mara mbili likaachwa wazi, akachungulia barabarani. Daktari akaniambia bila kuzunguka, "Babu, akiungua tena hapo hapo pachanga, sitakuwa na la kufanya. Mfungeni mnyororo, au arudi kwao."

Mnyororo mke wangu asingeukubali. Na mimi kliniki yangu iko mjini, na goti langu halipandi tena kile kilima kila siku. Binti akaniuliza, "Baba, na wewe unataka kurudi?" Nikamwambia anayerudi ni mbwa.

Tulimpeleka kabla jua halijatoka. Alipotua chini pale kwenye njia yenye unyevu alisimama kidogo, akaweka miguu yote minne sawasawa, halafu akaingia kwenye migomba bila kugeuka. Nilimwita "wewe". Hakuja. Shemeji akasema kaenda kunywa mferejini.

Sasa napiga simu jioni. Shemeji ananieleza kahawa, ananieleza mvua, mimi nasubiri amalize. Halafu namwomba aishushe simu chini, karibu na bakuli la maji la mbwa, na yeye haulizi tena kwa nini. Nasikia ulimi kwenye maji, na nyuma yake majani ya migomba yakigongana kwa upepo. Nakaa nayo sikioni mpaka vocha inaisha.