Neno Lililotolewa Katika Wimbo wa Kunawa

Jivu likiingia maji lina harufu yake, kali kidogo, kama ya jiko lililozimwa kwa hasira. Nikiisikia leo naona mikono yetu ya kitoto imepangwa mstari barazani kwa babu yangu, kijijini kwetu pwani ya Mbegani, myeupe mpaka kwenye viwiko. Sabuni ya mche ilikuwa haionekani dukani masika yale, tukasuguana kwa jivu. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia upande wa Mkange. Tulisikia watu wanazikwa asubuhi waliokula vizuri jana yake, na wakubwa wakilitaja gonjwa lenyewe kwa kunong'ona, kana kwamba lina masikio.

Muuguzi wa zahanati aliomba watu wa kujitolea wapite nyumba kwa nyumba kufundisha usafi. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa shangazi yangu Mwanahamisi, dada wa baba. Hakuwa amesoma hata siku moja, ila harusi bila yeye ilikuwa kama msiba, maana ndiye aliyewaimbisha wanawake mpaka kuta zinatikisika. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sefu, wa miaka mitatu, aliyempata baada ya mimba kadhaa kuharibika. Alipoulizwa kwa nini ajitie kwenye kazi isiyo na malipo, alisema anamlinda Sefu wake, na kwamba kijiji kikinawa naye atakuwa amenawa. Alikwenda kwa muuguzi, akafundishwa, akarudi na debe bovu la mafuta ya taa, akakaa uani akalipiga siku nzima akitafuta wimbo.

Mimi nilikuwa naye, ndiyo maana najua wimbo ule ulivyofumwa. Alikuwa akisema swali, anapiga debe mara mbili, halafu sisi watoto tunajibu kwa kofi moja. Jibu likizidi urefu, kofi linachelewa, naye analitupa. Alisema mtu wa kwenye mkusanyiko hana muda wa kufikiri, mdomo wake ufuate mkono. Mafundisho marefu ya muuguzi akayakata, akayapika, yakabaki haya:

Nani ananawa? — Mimi nanawa!
Maji gani hayo? — Ya kumiminwa!
Sabuni hakuna? — Jivu ni dawa!
Ukitoka wapi? — Nikitoka chooni!
Kabla ya nini? — Tonge kinywani!

Kila neno lilikuwa na kazi yake. Ya kumiminwa, kwa sababu tulikuwa na mtindo wa bakuli moja la kunawia: mkubwa anachovya, wanafuata wengine, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Sasa mmoja alishika kata akawamiminia wenzake. Wimbo ulizunguka mara mbili bila mikono kupumzika: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, kucha. Ndipo unasuuza, unakung'uta, hujifutii kanga uliyoshinda nayo. Wanawake kisimani waliupenda siku ile ile. Watoto tukaenda nao mpaka ndotoni.

Babu aliusikia mstari wa nne akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Kwetu neno choo mwanamke halitamki mbele ya baba yake, sembuse mbele ya wakwe. Babu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haya zake. Alimwita shangazi akamwuliza kama anataka wakwe zake waseme amelelewa na nani. Shangazi akajitetea kwamba muuguzi amesema hapo ndipo penyewe, gonjwa linatoka kwenye kinyesi, linapanda mkononi, linaingia mdomoni. Babu akasema ajuaye atajua, si lazima litajwe. Wakajaribu msalani, likawa refu, kofi likachelewa. Ndipo mke wa mjomba akasema weka uani. Choo kiko uani, kila mtu ataelewa, tena linapatana na kinywani kuliko hilo la aibu. Na kweli, masikioni lilikuwa tamu zaidi. Shangazi akakubali, ingawa aliinamia debe lake kitambo.

Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la watu wa kwetu tu. Uani kwetu ni kwa wanawake. Ndiko wanakopika, ndiko wanakosuka nywele, na hicho choo cha shimo kilichokuwako walikitumia wao. Wanaume walikwenda haja zao pwani, nyuma ya mikoko, wakarudi na nyavu mabegani. Basi wanawake waliponawa kila walipotoka uani, wanaume, ambao hata wakitoka mikokoni walisema wametoka chooni, waliona wimbo hauwahusu. Shangazi alipoupeleka dikoni, pale samaki wanaponadiwa, aliuliza kwa sauti yake yote, "Ukitoka wapi?" Mvuvi mmoja akamjibu, "Mwanahamisi, mimi uani kwako sijawahi kuingia, mumeo ataniua bure. Mimi natoka pwani." Diko zima likacheka. Toka siku hiyo kila akiuliza, wanaume wanapiga kofi na kujibu "Pwani!" na kucheka tena. Na shangazi alicheka pia. Nimelifikiria sana jambo hilo. Pwani, uani, kinywani: jawabu lilikuwa mikononi mwao, limekaa kwenye mapigo yake sawasawa, wakalifanya mzaha.

Nyumbani tulikula sinia mbili, ya wanawake na ya wanaume. Sefu alikula na wanaume, juu ya paja la Babu, Babu akimkandia matonge na kumchambulia miiba ya samaki. Siku moja alfajiri wanaume watatu wa sinia ile waliamka wanaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, Babu mmoja wao. Sefu alianza jua lilipochomoza. Muuguzi aliwahi na maji ya chumvi na sukari, wakubwa wakanywa vikombe kwa vikombe, wakapona. Mtoto alitapika kila alichopewa. Adhuhuri macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Walimchukua kwa baiskeli kwenda mjini Bagamoyo, wakarudi naye kabla ya kufika. Sinia ya wanawake hakuugua mtu.

Mkono wa nani uliofanya kazi hiyo hakuna ajuaye. Babu alijua la kwake. Baada ya hitima alikwenda akasimama mlangoni kwa shangazi, hakuingia.

"Ungelitaja tu, mwanangu."

"Ulinikataza, baba."

Hawakugombana. Ingekuwa heri wangegombana. Shangazi alimpikia Babu na kumfulia mpaka siku mzee alipokufa, lakini hakuimba tena, si kwa harusi wala kwa wimbo wa kunawa. Masika yale yaliisha wanawake wakimimina maji kimya kimya.

Leo mjukuu wangu Rehema ni mhudumu wa afya wa jamii, na nasema kwa majivuno kwamba pwani yote hii hayupo anayemfikia. Ana kipaza sauti, anawafundisha watu kutundika kibuyu chirizi nje ya mlango, dumu ambalo ukikanyaga kijiti linakumiminia maji bila kulishika. Mwezi uliopita nilimfuata dikoni. Alisimama mbele ya baba mkwe wake, kanga imefungwa vizuri, akawauliza watokapo wapi wananawa, wanaume wakamjibu kwa kishindo, na mkwe mwenyewe akipiga kofi. Hakuna aliyekufa kwa aibu. Nilijificha nyuma ya matenga ya dagaa nikalia kama mjinga.

Vijana wanatucheka kwamba zamani tulikuwa na adabu. Tulikuwa nayo kweli, na mambo mengine ya leo yananikera. Lakini Sefu angekuwa na wajukuu sasa. Neno lenyewe dogo hivyo, hata mimi niliyeishia darasa la tatu naliandika bila kukosea. Choo.