Hasira ya Bi Zuwena kwa ajili ya vipofu wapya

Bi Zuwena binti Khatibu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifundisha Kiswahili kwa wageni hapa Unguja mpaka nywele zikamgeuka mvi. Alikuwa mkali. Baba yake, aliyetusomesha Kurani mimi na yeye, alikuwa kipofu.

Asubuhi moja mwanafunzi wake Henrike, Mjerumani, alimjia analia. Shule ya wasioona ilikuwa tayari kumwajiri, ila kwa sharti afaulu mtihani, naye ameanguka kwa sentensi moja: “Vipofu wapya wamefika shuleni.” Maalim Vuai, msahihishaji, ameikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake: “vipya vimefika.”

Bi Zuwena hakusubiri hata kuvaa viatu vizuri. Mimi na Henrike tulimfuata mpaka ofisini kwa Vuai.

“We Vuai! Nani kakufundisha haya?”

“Bi Zuwena, salamu kwanza.”

“Salamu utaipata ukishanijibu!”

Maalim Vuai akacheka kidogo. “Kitabu kipya kimefika, vitabu vipya vimefika. Kipofu, vipofu. Sasa kosa langu lipi, dada’angu?”

“Kitabu kina roho? Kifaranga kidogo chafa au kifaranga mdogo afa? Kiongozi wako mpya kimefika au amefika?”

“Amefika. Lakini mwanafunzi ashike kanuni kwanza, hayo mengine atajifunza mitaani.”

“Kanuni ndiyo hiyo! Chenye uhai hufuata uhai wake. Ukimtia ki mtu mwenye ulemavu, umemdharau.”

“Sibadilishi. Na hapa chini kaandika ‘viatu mpya wamepotea’. Hilo nalo utalitetea?”

“Hilo kakosea. Viatu vipya vimepotea. Likate, wala sikuzuii.”

Hapo bawabu akachungulia: mwalimu mpya wa shule ya wasioona amekuja kuulizia matokeo ya Henrike. Nyuma ya bawabu, fimbo ikigusa sakafu, alisimama mwalimu huyo, Shekhe Faki, kipofu mwenyewe.

Desturi ya ofisi ile ni mwenyeji kumtangaza mgeni kwa wenzake kabla hajakaa. Bi Zuwena akajitenga mlangoni.

“Mtangaze, Maalim. Kwa kanuni yako. Sema: kipofu kipya kimefika.”

Maalim Vuai akafungua kinywa. Shekhe Faki aligeuza uso upande wa sauti, akitabasamu kwa adabu, akingoja.

“Mwalimu… mwalimu mpya amefika,” Vuai akasema.

“Nani?” akauliza Bi Zuwena. “Sikusikia hilo neno la ki.”

“Basi, bibi we!”

Akavuta karatasi, akafuta alama nyekundu ya vipofu, akaliacha kosa la viatu limekatwa vilevile. Henrike akafaulu kwa alama hiyo moja, na Shekhe Faki akaondoka naye.

Vuai akaagiza kahawa ya kupatana. Bi Zuwena akaisukuma mbali.

“Kanywe na vitabu vyako vilivyofika,” akasema, akatoka bila kuaga.